Rufaa ya Mlango wa Nyuma

Siku hukumu iliposomwa, Bi Shariffa hakusikia zaidi ya nusu yake. Alisikia jina la jirani yake Suud, akasikia "kichochoro", akasikia "uzibwe", na hapo masikio yake yakaziba kabla ya mlango wenyewe. Watu walipoinuka kumpa hakimu heshima yake, yeye alibaki ameketi mpaka Mzee Ubwa, vakili wake, yaani mtetezi wa mahakama za chini, alipomgusa bega.

"Tumeshindwa?" aliuliza.

"Tumeshindwa, Bi Shariffa. Inuka twende nje."

Nyumba ya Bi Shariffa iko Sokomuhogo, mjini Unguja, ya urithi kutoka kwa mama yake. Mbele yake ni njia ya watu, nyuma ni uwanja mdogo wenye majiko, na hapo ndipo anapochoma mikate ya ufuta tangu ujana wake. Wateja hawapiti sebuleni. Huja kwa mlango wa nyuma, unaotokea kwenye kichochoro chembamba ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hulazimika kujibana ukutani. Kichochoro hicho, kwa mujibu wa hati, kimo ndani ya mipaka ya nyumba ya Suud. Suud alishitaki katika mahakama ya ardhi kwamba mlango ule ulitobolewa baada ya mama yake Bi Shariffa kufariki, bila ya idhini yake yeye Suud, na kwamba moshi na makelele ya wanunuzi yanaingia dirishani kwa mkewe, Bi Amne, mwenye pumu. Mahakama ya ardhi ikakubaliana naye.

Lakini kilichomkata Bi Shariffa maini hakikuwa Suud. Suud ni jirani tu. Kilichomkata maini ni Mansour.

Mansour alinyonya ziwa moja naye. Mama yake mzazi alikufa yeye Mansour akiwa mchanga, na mama yake Bi Shariffa akambeba, akamnyonyesha, akamlea nyumba ile ile. Ndugu huyo ndiye aliyepanda kizimbani, akaapa, akatamka mbele ya watu: "Mimi katika utoto wangu, pale hapakuwa na mlango."

Bi Shariffa aliruka kutoka kitini. "Mwongo! Ziwa la mama litakutokea puani!" Hakimu akamwamuru akae. Hakukaa. Akaamrishwa mara ya pili, askari akasogea, na utulivu uliporejea, zamu ya kumhoji shahidi ikawa ya Mzee Ubwa. Mzee wa watu alikuwa ametahayari hata miwani yake haimkai. Akasema hana swali. Mansour akashuka.

Sasa, nje ya mahakama, Mzee Ubwa alimwambia, "Safari yangu mimi inaishia hapa. Mahakama Kuu vakili hasimami. Utafute wakili ukate rufaa. Nakala za hukumu, za amri na za mwenendo wa shauri nitakuombea leo hii kwa maandishi, kabla sijala. Lakini zikishakuwa tayari, usilicheze hilo, mama. Siku zinahesabiwa."

Naye alifanya kama alivyosema.

Bi Shariffa alirudi nyumbani na tangu siku ile hakukalika. Akikanda unga, anauacha katikati anakwenda kuusimamia mlango. Akiusimamia mlango, anasikia harufu ya mkate unaoungua. Akilala anaamka, akiamka anajuta kuamka. Kila kitu kilimpeleka kwa Mansour. Alikwenda dukani kwake Mwanakwerekwe, anakouza vipuri vya baiskeli, akakuta pamefungwa. Akenda tena, kijana wa duka la pili akamwambia katoka sasa hivi. Alimtumia salamu kwa watu, akampigia simu isipokelewe, akamwandama msikitini, akangoja upande wa pili wa njia na mtandio umemshuka, mpaka wanaume wakaanza kumtazama. Nakala zilipotoka alikwenda kuzichukua, akazitia ndani ya mfuko wa nailoni, akauning'iniza mfuko msumarini jikoni. Hakuzifungua. Kwake yeye kesi haikuwa karatasi. Kesi ilikuwa Mansour atamke kwamba amesema uongo.

Mzee Ubwa alikutana naye Darajani, ananunua ufuta.

"Wakili umeshampata?"

"Bado. Mansour nnamtafuta kwanza."

Mzee Ubwa akaghadhibika kweli kweli, mbele ya wauza viungo. "Mansour! Mansour ndiye jaji wa Mahakama Kuu? Nenda kachukue karatasi zako. Nnakungojea hapa hapa."

Ndivyo alivyofika ofisini kwa Riyama, Vuga, juu ya duka la mpiga picha. Riyama alikuwa wakili wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, mkimya, mwenye tabia ya kusoma huku akigonga meno kwa ncha ya kalamu. Alisoma hukumu yote, akasoma mwenendo, akarudi kwenye hukumu. Bi Shariffa alisimama, akakaa, akasimama tena akaenda dirishani.

"Bi Shariffa, siku mahakama ilipokuja kichochoroni kwako kutazama, wewe ulikuwa wapi?"

"Walikuja?"

"Hakimu ameandika humu. Anasema yeye na washauri wake wawili walifika, wakajionea, na majirani waliokuwapo wakathibitisha kwamba mlango ni mpya."

"Majirani gani? Mie sikuambiwa! Siku mbili tatu nilikuwa Jambiani, kwenye maziko ya khalati yangu, dada yake mama. Niliporudi nikasikia watu wa mahakama walipita, nikadhani wamekuja kupima."

"Mzee Ubwa aliitwa?"

Mzee Ubwa, aliyekuwa ameketi pembeni, akatikisa kichwa.

Riyama akaweka kalamu chini. "Basi tunayo rufaa. Sikilizeni. Mahakama hailazimiki kwenda kutazama mahali penye mgogoro. Lakini ikienda, pande zote mbili ziitwe ziwepo. Anayesema neno pale aapishwe na ahojiwe, yaandikwe, halafu yasomwe mbele ya wote wakirudi mahakamani. Humu ndani ya mwenendo hamna hata mstari mmoja wa ziara hiyo. Imechomoza katika hukumu tu, kama mgeni asiyealikwa. Hilo ni kosa la sheria."

"Na uongo wa Mansour?"

"Huo hatuuandiki."

Bi Shariffa alidhani hakusikia vizuri. "Hatuuandiki vipi?"

"Nani mkweli na nani mwongo ni jambo la ushahidi. Jaji hamuoni Mansour. Anasoma karatasi. Waliomuona akitoka jasho au asitoke ni wale wa chini, nao walimuamini, na kwa hilo Mahakama Kuu haiwaingilii kwa wepesi. Na katika karatasi hizi Mansour hakuhojiwa hata swali moja. Neno lake limesimama peke yake. Nikimwambia jaji mwongo, ataniuliza, umeonesha wapi? Nitaonesha wapi, Bi Shariffa? Pale ulipomtukania ziwa?"

Mzee Ubwa akatazama sakafu.

"Sababu moja nzito," Riyama aliendelea, "ina nguvu kuliko sababu moja nzito na nyengine saba za hasira. Jaji akiona tunagombania maneno ya mashahidi, atadhani na hili la ziara ni kelele tu."

"Hati ya rufaa yangu mie, na yule hayumo?" Sauti yake ilipanda. "Basi nnakata rufaa ya nini? Wakisema hakimu alikosea kutembea, mie nnasafishika na nini mbele ya mama yangu? Kule wameandika kwamba mie niliutoboa ukuta yeye alipokuwa kaburini!"

"Nakwambia kinachoweza kushinda."

"Sitii saini."

Riyama hakumbembeleza. Alihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole. "Siku za kungojea nakala hazihesabiwi, kwa kuwa Mzee Ubwa aliziomba mapema. Lakini nakala zilikuwa tayari zamani, na tangu hapo kila siku ni juu yako. Mwisho wetu ni Ijumaa. Tukipitwa, itabidi kwanza tuombe kuongezewa muda, na uape uieleze kila siku ilivyopotea. Utaapa nini? Kwamba ulikuwa unamsaka Mansour?"

Bi Shariffa akatoka bila ya kuaga.

Asubuhi yake alikwenda Mwanakwerekwe mapema, duka likiwa bado halijafunguliwa, akakaa juu ya kreti tupu mlangoni. Mansour alipofika na funguo mkononi hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa ameota mvi nyingi tangu ile siku ya kizimbani, au labda siku ile hakumtazama vizuri.

"Shikamoo, dada," alisema. Bi Shariffa alimzidi kwa miezi tu, lakini tangu utotoni Mansour alimwamkia.

"Usiniamkie. Niambie Suud alikupa nini."

"Hajanipa kitu. Wallahi hajanipa hata maji. Aliniuliza, nikamjibu. Mahakamani wakaniuliza, nikajibu yale yale."

"Kwamba hapakuwa na mlango!"

"Palikuwa na dirisha, Shariffa." Mansour alisema polepole, kama anayemkumbusha mtu jina la mtoto wake. "Dirisha la mbao, lenye komeo la chini lililovunjika. Mama akilala mchana, mimi na wewe tukipanda juu ya mtungi tukitokea dirishani kwenda kununua ubuyu. Wewe ukitangulia. Umesahau ulivyochanika goti?"

Mkono wa Bi Shariffa ulishuka gotini. Goti lake lilikuwa na kovu. Siku zote alijua ni kovu la kuanguka; kuanguka kutoka wapi, hakuwahi kujiuliza.

"Nilipoondoka kwenda Maskati lilikuwa dirisha," Mansour alisema. "Sikusema zaidi ya hilo."

Alirudi Sokomuhogo kama mtu aliyeazimwa miguu. Hakuwasha jiko. Alikwenda mlangoni, akauchunguza kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji. Boriti ya juu ilikuwa nyeusi, ya kale, imekaa kwenye chokaa yake. Lakini kutoka kiunoni kwenda chini, kingo za ukuta zilikuwa za namna nyengine. Zilikatwa, zikasawazishwa kwa saruji, zikapakwa chokaa juu. Kwa miaka yote alikuwa akipitisha masinia hapo na jicho lake halijaona. Akajaribu kumkumbuka mama yake amesimama pale, anampa mteja mkate. Alimuona. Lakini hakuweza kuona kama mama alikuwa anatoa mkono juu ya kizingiti cha dirisha, au amesimama mlangoni na kanga yake imefika chini.

Upande wa pili wa kichochoro Bi Amne alikohoa, kikohozi kirefu, cha kutafuta pumzi.

Alhamisi Bi Shariffa alipanda ngazi za Riyama. Hakuomba radhi, wala Riyama hakumtaka aombe. "Lete nitie saini," alisema. "Weka hiyo yako moja."

Rufaa ikasajiliwa kabla siku hazijamalizika, pamoja na maombi ya kusimamisha utekelezaji, kwa sababu, Riyama alimweleza, kukata rufaa peke yake hakuzuii amri ya chini kutekelezwa. Naye Suud hakulala. Jumatatu yake ofisa wa mahakama alikuja na mafundi wawili, wakashusha mawe na mchanga kichochoroni. Bi Shariffa alisimama katikati ya mlango wake, mikono miwili ameitanda kushoto na kulia, simu imebanwa kati ya sikio na bega.

"Wameshaanza kuchanganya, mwanangu! Wanachanganya!"

"Usimguse mtu," sauti ya Riyama ilimwambia. "Usimtukane mtu. Nimo mahakamani, maombi yetu yameitwa kwa dharura."

Ofisa yule alikuwa mtu wa haki. Alitazama saa yake, akawaambia mafundi wanywe chai kwanza. Hawajamaliza chai, mtu wa ofisi ya Riyama akatokea anahema, na amri ya muda mkononi kwamba kila kitu kibaki kilivyo mpaka maombi yasikilizwe. Mafundi wakaondoka. Mawe yakabaki. Baadaye maombi yakakubaliwa, na kwa miezi wateja wa mikate walikuwa wakinyanyua nguo zao na kuyaruka mawe ya Suud, na Suud akiwatazama kutoka juu.

Siku ya rufaa, huko Tunguu kwenye Mahakama Kuu, Bi Shariffa alijifunga baibui lake jipya, akajiapiza hatafungua mdomo. Wakili wa Suud, bwana mmoja mrefu aitwaye Abdulwahid, alisimama kabla Riyama hajasema kitu. Alikuwa na pingamizi la awali: rufaa imeletwa nje ya muda. Alitaja tarehe ya hukumu, akataja tarehe ya kusajiliwa rufaa, akaacha nafasi iliyo kati yao ijisemee. Aliomba rufaa itupwe bila ya kusikilizwa.

Kwa Bi Shariffa ikawa kama anaiona misikiti yote aliyosimama nje yake akimvizia Mansour, na kila siku moja ya hizo imeinuka imesimama upande wa Suud.

Riyama akainuka kwa utaratibu. Alikubali tarehe zote mbili. Kisha akamwomba jaji atazame nakala yenyewe ya amri iliyoambatanishwa na rufaa, mahali palipoandikwa siku nakala zilipoombwa na siku zilipokuwa tayari. Muda uliohitajika kupata nakala hutolewa katika hesabu, alisema, na ukitolewa, rufaa imo ndani ya muda.

"Imo kwa siku ngapi?" jaji aliuliza.

"Kwa siku moja, Mheshimiwa."

Jaji alihesabu mwenyewe. Alihesabu kwa muda ambao Bi Shariffa aliuona mrefu kuliko mfungo. Kisha akalikataa pingamizi, akamwambia Riyama aendelee na rufaa.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi mno, hata yakamtia wasiwasi. Hakuna aliyemtaja mama yake. Hakuna aliyetaja ziwa, wala goti, wala mikate. Riyama alisema kuhusu ziara ile, Abdulwahid akajibu kwamba hata ukiiondoa, ushahidi wa Mansour ungetosha. Jaji akamuuliza, "Mahakama ya chini ilisema ungetosha? Au ilijengea juu ya vyote viwili?" Abdulwahid akafunua karatasi zake, akafunua tena.

Hukumu ya jaji ilisomwa baada ya wiki kadhaa. Ziara ilikuwa batili, na kwa kuwa mahakama ya ardhi iliegemea juu yake, hukumu nayo haikuweza kusimama. Imefutwa. Shauri lirudi likasikilizwe upya mbele ya hakimu mwengine na washauri wengine. Kila upande ubebe gharama zake.

Nje, Bi Shariffa alimshika Riyama mkono. "Tumeshinda?"

"Rufaa tumeshinda. Mlango bado."

"Yaani tunaanza upya, alifu kwa ujiti?"

"Alifu kwa ujiti. Na safari hii Mansour atahojiwa." Riyama alisita, akagonga meno yake kwa kalamu. "Kuna jambo limenikaa kichwani. Sikuliweka kwenye rufaa kwa sababu halikuwemo katika ushahidi, na rufaa si mahali pa kuleta ushahidi mpya. Mansour alisema alipokuwa mtoto hapakuwa na mlango. Hakuna aliyemuuliza aliporudi kutoka huko Maskati ulikoniambia alikuta nini. Alirudi lini?"

Bi Shariffa alikuwa ameshaanza kutafuta gari ya Mwanakwerekwe.

Alimkuta Mansour amekaa chini, anatia mafuta mnyororo. Safari hii alianza yeye. "Mansour. Uliporudi kutoka Maskati, ulipita wapi kuja kumuona mama?"

Mansour aliinua kichwa. "Nyuma. Mbele mlikuwa na harusi ya binamu yetu Bashira, wanawake wamejaa. Nikaja kichochoroni, mama akanifungulia."

"Akakufungulia nini?"

"Mlango." Alisema halafu akasikia mwenyewe alichosema. Akaweka mnyororo chini. "Aliniambia ameupasua ili asiwe anainua masinia dirishani, mgongo ulikuwa unamuuma. Alikuwa hai, Shariffa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo."

"Na mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wewe ulikuwa unanitukana, mzee wako akasema hana swali, nikaambiwa nishuke."

Bi Shariffa akakaa juu ya kreti. Harusi ya Bashira! Bashira sasa ana wajukuu. Alitaka kucheka, akajikuta analia, na hata kulia hakukutulia, kulikuja na kukatika kama mvua ya vuli.

"Utakuja kuyasema hayo?" aliuliza.

"Ntakuja. Lakini na dirisha ntalisema. Siwezi kuapa nusu."

Bi Shariffa akajifuta macho. "Liseme."

Tarehe ya kuanza upya ilipangwa, ikasogezwa, ikapangwa tena. Riyama alimwonya asijipe moyo kupita kiasi. Kuthibitisha kwamba mlango ni wa zamani ni jambo moja, alisema, na kuthibitisha haki ya kupita kwenye kichochoro cha mtu ni jambo jengine, na Abdulwahid halali. Bi Shariffa hakujipa moyo, wala hakutulia. Alichoma mikate, akaipeleka mwenyewe madukani siku za moshi mwingi, na akawakataza wateja kungojea chini ya dirisha la Bi Amne. Waingie uwanjani, wangojee ndani. Wengine walinung'unika. Suud alimuona akiwaingiza, akamsalimu kwa kichwa mara moja, kwa shida, kama mtu anayelipa asichodaiwa. Bi Shariffa akaitikia, akaufunga mlango, kisha akaufungua tena, maana kulikuwa na mtu anabisha.